Skripti ya Mtu Asiyeiona Simu

Mtu aliyelala chali sakafuni haioni simu yake. Ameiegemeza kwenye mguu wa meza au kwenye ndoo, macho yake yako darini, na kinachomfikia kutoka kwenye video ni sauti tu. Aliyeweka viganja ukutani anautazama ukuta. Aliye kwenye planki anautazama mkeka. Ukiifuatilia ratiba ya kawaida ya mazoezi ya nyumbani, utaona kwamba kuna vipindi virefu ambavyo mtazamaji hatazami chochote, anasikiliza. Kwa sababu hiyo video nyingi zenye picha safi na kocha hodari humchosha mtu shingo kabla hazijamchosha miguu: kila baada ya muda mfupi anainua kichwa kuangalia wenzake wa kwenye skrini wamefika wapi. Skripti yake iliandikwa kwa ajili ya macho, au haikuandikwa kabisa.

Wajapani walilikabili jambo hili mapema kwa sababu hawakuwa na picha. Mazoezi yao ya redio, yanayoitwa Rajio Taiso, yalianza kurushwa mwaka 1928, na mfuatano unaotumika zaidi hadi leo ni ule wa mwaka 1951: mazoezi 13 kwa muda wa dakika 3 hivi, piano na sauti ya mtu mmoja. Kila kitu ambacho mwili unapaswa kufanya kimo ndani ya sauti ile. Anayeandika skripti ya video leo ana kamera, lakini ningemshauri aandike kwanza kana kwamba anaandikia redio, kisha picha ije kusaidia.

Tuchukue video moja na tuijenge. Mtazamaji ni mtu mzima ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, anaishi chumba kimoja, ana kiti imara kisichoteleza, ukuta na mkeka. Mazoezi ni matano: kukaa na kuinuka kwenye kiti, pushapu za ukutani, kutembea mahali pamoja kwa kuinua magoti, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, na planki ya magoti. Kila zoezi linachukua sekunde 40, kisha mapumziko ya sekunde 20, na mfuatano wote unarudiwa raundi mbili.

Kabla ya neno lolote kuandikwa, zipigwe hesabu. Mwaka 2013 jarida la chuo cha tiba ya michezo cha Marekani lilichapisha mazoezi yaliyokuja kupata umaarufu mkubwa kama mazoezi ya dakika 7: mazoezi 12 ya sekunde 30, yakitenganishwa na sekunde 10. Jumlisha mwenyewe. Mazoezi 12 ni sekunde 360, na nafasi 11 za katikati ni sekunde 110. Jumla ni dakika 7 na sekunde 50, na hapo hujasalimia, hujapasha mwili, hujaeleza zoezi la kwanza. Wanaoandika skripti husahau hasa nafasi za katikati. Huhesabu mazoezi, wakaacha mapumziko yajipange yenyewe, na video ya dakika 10 ikatoka na dakika 14.

Video yetu inakwenda hivi. Sekunde 20 za kwanza ni salamu na tahadhari. Dakika 2 zinazofuata ni za kupasha mwili, miondoko minne ya sekunde 30 bila kusimama. Kisha sekunde 20 za kueleza zoezi la kwanza, kwa hiyo mlio wa kuanza unapigwa dakika ya 2 na sekunde 40, yaani 2:40. Raundi ya kwanza ina mazoezi matano na mapumziko manne katikati yake, jumla dakika 4 na sekunde 40, nayo inaisha 7:20. Mapumziko marefu ya dakika nzima yanatufikisha 8:20. Raundi ya pili, yenye urefu uleule, inaisha 13:00 kamili. Dakika 2 za kupoza mwili, na video inafungwa 15:00. Saa hizi zikishaandikwa pembeni mwa karatasi, hazisogezwi tena. Neno lisiloenea ndilo linalokatwa.

Mpangilio wa mazoezi nao ni suala la muda. Mtu asiyezoea anahitaji sekunde kadhaa kushuka kutoka kusimama hadi kulala chali, na kuinuka humchukua zaidi. Ukiliweka zoezi la sakafuni katikati ya mawili ya kusimama, mapumziko yake yote yataishia kwenye kushuka na kupanda, na atalianza zoezi linalofuata akiwa anahema kuliko alipomaliza lililopita. Ndiyo sababu mawili ya sakafuni tumeyaweka mwisho. Anashuka mara moja kwa kila raundi, na anapanda ndani ya yale mapumziko marefu, ambapo skripti ina nafasi ya kumwambia ageuke ubavu, akae kwanza, ndipo asimame. Anayechomoka ghafla kutoka sakafuni anaweza kupata kizunguzungu, na hilo halisubiri uzee.

Sasa tuje kwenye mapumziko, ambayo kwangu ndiyo moyo wa skripti nzima. Wakati wa zoezi mtu hajifunzi. Mwili una kazi, na maelezo marefu yanapita juu yake. Anayepumzika ndiye anayeweza kupokea maelekezo. Lakini sekunde 20 ni chache mno. Kiswahili kikisemwa kwa utulivu, kwa mtu anayehema na asiyetazama, kinaenda takribani maneno 2 kwa sekunde. Hesabu hiyo si sheria. Kila mwandishi apime sauti yake kwa stopwochi. Kwa kipimo hicho sekunde 20 zinabeba maneno 40 bila kupumua, na kwa kuwa mtazamaji anahitaji pia kimya, mimi husimama kwenye maneno 25.

Tazama jinsi rasimu ya kwanza inavyokuwa kwa kawaida, pale 3:20, zoezi la kiti linapoisha:

"Haya wapendwa watazamaji, tumemaliza zoezi letu la kwanza, hongereni sana, na sasa tunaelekea kwenye zoezi letu la pili ambalo ni zuri mno kwa kifua, mabega na mikono, hasa kwa wale wanaokaa ofisini kutwa."

Hayo ni maneno 33. Yamekula sekunde 16 au 17, na mtazamaji bado hajui kwamba anatakiwa kwenda ukutani. Zimebaki sekunde 3 za kufika, kuweka mikono na kuanza. Atachelewa, na atakapofika mlio utakuwa umeshapigwa. Video ya namna hii humfanya mtu ajione mzito, kumbe mzito ni mwandishi.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba sentensi ya kwanza ya mapumziko imwambie mtu aende wapi, kwa sababu miguu inaweza kutembea wakati masikio yanasubiri mengine. Kisha pumzi. Kisha jina la zoezi na namna ya kukaa. Mwisho hesabu fupi. Mapumziko yaleyale yakiandikwa upya yanakuwa hivi:

3:20 – "Pumzika. Sogea ukutani taratibu."
3:24 – "Vuta pumzi puani... toa mdomoni." (kimya hadi 3:30)
3:30 – "Sasa ni pushapu za ukutani. Viganja ukutani, usawa wa mabega. Rudi nyuma hatua moja."
3:37 – "Tatu, mbili, moja."
3:40 – mlio

Maneno yamekuwa 26, na ndani yake kuna kimya ambacho mtu anaweza kuhema kwa amani. Faida za zoezi kwa kifua na mabega, kama ni lazima zisemwe, zina nafasi yake kwenye mapumziko marefu ya dakika nzima.

Karatasi yenyewe ina safu nne. Ya kwanza ni muda, ya pili ni kinachoonekana, ya tatu ni kinachosemwa. Ya nne wengi hawanayo: ni pumzi. Humo unaandika, kwa kila sekunde chache, mtazamaji anapaswa kuwa anavuta, anatoa, au yuko huru. Bila safu hii, ukumbusho wa kupumua huwa neno la kujazia tu, "usisahau kupumua", linalotupwa popote kocha alipokosa la kusema. Na likitupwa vibaya linaweza kumvuruga mtu: anaambiwa "vuta" wakati mwili wake unasukuma.

Kwa mazoezi ya polepole ya kutumia nguvu, utaratibu unaojulikana ni kutoa pumzi kwenye sehemu ngumu na kuvuta kwenye sehemu nyepesi. Kwenye kiti, sehemu ngumu ni kuinuka. Ukutani, ni kujisukuma mbali na ukuta. Chali, ni kuinua nyonga. Kinachotafutwa hapo ni mtu asibane pumzi. Kubana pumzi huku misuli imekazwa hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla, na kwa mwenye presha hilo ni jambo la kuepukwa. Kwa hiyo kwenye zile sekunde 20 za mwanzo, sentensi moja iwaambie wenye presha, wajawazito na wenye maradhi ya moyo wazungumze na daktari kwanza, na nyingine iseme kwamba maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kusimama.

Turudi 2:40, kwenye kiti. Tunampa mtazamaji sekunde 2 za kuinuka na 2 za kushuka, hivyo mzunguko mmoja ni sekunde 4, na sekunde 40 zinatosha mizunguko 10. Muziki wenye mapigo 120 kwa dakika unakaa hapo barabara, kwani una mapigo 2 kwa sekunde: mapigo 4 kupanda, 4 kushuka. Katika mizunguko mitatu ya kwanza sauti inaongoza kila kitu: "Inuka, toa pumzi... shuka, vuta." Neno "inuka" linatamkwa kabla kidogo ya pigo lenyewe, kwa sababu mtu husikia kwanza ndipo atende; likitamkwa sawasawa na mwendo wa mwonyeshaji, mtazamaji atakuwa nyuma muda wote. Baada ya mzunguko wa tatu, yaani 2:52, sauti inanyamaza na muziki unabeba. Saa 3:00 inasema "nusu imepita" na kurekebisha jambo moja tu, kwa mfano magoti yasiingie ndani bali yaelekee vidole vya miguu vinakoelekea. Saa 3:08, "toa pumzi ukiinuka". Saa 3:15, hesabu ya kushuka kutoka tano.

Ile 3:08 haikuwekwa kwa bahati. Pumzi hubanwa mahali panapotabirika: mwanzoni, mtu anapofikiria mwondoko mpya, na karibu na mwisho, misuli inapoanza kulalamika na yeye akang'ata meno amalize. Ukumbusho unaokuja katikati, wakati anapumua vizuri, unampotezea utulivu bure. Uandike pale utakapohitajika, sekunde 25 hadi 30 baada ya mlio.

Kutembea mahali pamoja ni habari nyingine. Hapo mwendo ni wa haraka na pumzi hujipangia yenyewe. Ukiandika "vuta, toa" kwa kila goti, utamfanya mtu ahemee juu juu hadi kichwa kimzunguke. Kwenye safu ya nne unaandika "huru", na sauti inauliza tu: "Unaweza kusema sentensi nzima? Kama huwezi, punguza kasi." Kipimo hicho ni cha kuaminika kwa watu wa kawaida. Katika mazoezi ya kadiri mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba kwa raha.

Waliosoma shule za msingi za Tanzania, au waliopita JKT, walishakipitia kipimo hicho bila kuandikiwa. Katika mchakamchaka kiongozi hutupa mstari na kundi huitikia huku nyayo zikipiga pamoja. Kuitikia kwenyewe ni kutoa pumzi. Huwezi kuimba na kuibana kwa wakati mmoja. Kiitikio kikianza kufifia, kiongozi mzuri anajua kundi limezidiwa, anapunguza mwendo au anachagua wimbo wa polepole. Pale muda, kasi na pumzi vyote vinaongozwa na sauti moja, na hakuna aliyewahi kutoa maelezo marefu ya kupumua katikati ya kukimbia.

Ujanja huohuo nauhamishia kwenye planki, ambayo ndiyo zoezi linaloongoza kwa kubana pumzi kwa sababu mwili hauendi popote. "Vuta, toa" inachosha kusikika kwa sekunde 40. Badala yake sauti inasema: "Hesabu nami kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano." Anayetamka anatoa pumzi, apende asipende. Hesabu ya tano inachukua sekunde 5, kimya cha kuvuta pumzi sekunde 3, na mizunguko mitano inajaza zoezi zima kuanzia 6:40 hadi 7:20. Mtazamaji ameelekezwa kupumua bila neno pumzi kutajwa.

Hesabu yetu ina bahati yake hapa. Kuanzia moja hadi kumi kila tarakimu ina silabi mbili, kwa hiyo zinakaa kwenye sekunde moja moja bila kuvutana. Ukivuka kumi mambo yanaharibika: "kumi na moja" ina silabi tano, na "ishirini na tisa" haiishi kabla sekunde haijapita. Kocha anayehesabu mfululizo hadi 30 huanza kuchelewa baada ya kumi, na mdundo unapotea. Skripti iandike kumi, kisha ianze tena moja.

Raundi ya pili isinakiliwe kutoka ya kwanza. Mtazamaji anajua sasa aende wapi, kwa hiyo maelezo ya namna ya kukaa yapunguzwe kwa nusu, na nafasi iliyopatikana ipewe kimya. Marekebisho nayo yabadilike, kwa kuwa mwili uliochoka hukosea tofauti na mwili mgeni: kwenye kiti mtu anajitupa badala ya kushuka, kwenye planki kiuno kinazama. Pumzi pia imeshakuwa ya haraka. Mwenye kuhema anaweza kushindwa kufuata sekunde 2 za kutoa na 2 za kuvuta, na kumlazimisha ni kosa. Pale 8:20 sauti inaongoza mzunguko mmoja tu, kisha inasema: "Ukihitaji pumzi ya ziada, ichukue." Dakika 2 za mwisho ndizo zinazorudisha utaratibu, kuvuta kwa hesabu ya tatu na kutoa kwa tano, sauti ikishuka kasi pamoja na mtu.

Katika kurekodi, anayefanya mazoezi asiwe ndiye anayesoma, au sauti irekodiwe baadaye. Kocha anayeruka na kusema huanza na maneno 2 kwa sekunde na kumaliza na moja, na skripti uliyoipima mezani inapasuka. Kwenye kuhariri, milio iwekwe kwanza kabisa kwenye mstari wa muda, 2:40, 3:20, 3:40 na kuendelea, kisha sauti na picha zikatwe ziifuate. Ukifanya kinyume, kila mapumziko yakizidi sekunde 3 tu, planki ya raundi ya kwanza itakuwa imechelewa sekunde 12, na saa ya pembeni mwa skrini itapingana na sauti.

Kabla ya kamera kuwashwa, skripti inajaribiwa kwa mtu asiyeijua. Mwambie ageuze simu kifudifudi, wewe soma huku stopwochi ikienda, na usimwonyeshe mwondoko wowote. Kila anapoinua kichwa kukutazama, andika muda: hapo pana sentensi inayokosekana au iliyochelewa. Kila anapoanza baada ya mlio, angalia mapumziko yaliyotangulia. Sentensi ya kwanza haikumwambia aende wapi. Uso ukikaza na midomo ikifungwa, pumzi imebanwa, na ukumbusho wako uko mbali na mahali hapo. Kwenye ratiba hii, pa kuangaliwa zaidi ni 5:20, anapotoka kusimama kwenda kulala chali. Kama mkeka haukutandikwa wakati wa kupasha mwili, sekunde 20 hazitoshi hata kidogo, na dawa yake ni maneno manne yaliyoandikwa dakika 5 nyuma, pale 0:20: "Tandika mkeka karibu nawe."